Ndoo chini ya boila: namna ya kujua kama mvuke wa moshi unakurudishia joto lake

Boila ile ile, siku ile ile, inaweza kuandikiwa ufanisi wa asilimia 95 kwenye karatasi moja na asilimia 105 kwenye nyingine, na asiwepo aliyedanganya. Kinachotofautiana ni mafuta yamehesabiwa kuwa na joto kiasi gani. Nimewaona mafundi wazuri wakibishana nusu saa mbele ya boila juu ya jambo hili, huku bomba dogo la maji machafu ya moshi chini yake likiwa kavu kabisa. Bomba hilo kavu lingewajibu mapema kuliko karatasi zote mbili.

Mwongozo huu ni wa boila ya maji moto inayochoma gesi asilia, ile iliyoundwa kuugeuza mvuke wa moshi kuwa maji. Utahitaji kipima moshi, kipimajoto cha kubana kwenye bomba, saa, ndoo na mizani. Hesabu zote nazifanya kwa methani, kwa kuwa gesi asilia sehemu yake kubwa ni methani. Nyuzi zote ni za Selsiasi.

Hatua ya 1: Jua umepewa thamani ipi ya joto

Methani ina kaboni na hidrojeni. Ikiungua, hidrojeni hushikana na oksijeni ya hewani na kuwa maji. Kilo 16 za methani huzaa kilo 36 za maji, yaani kila kilo moja ya gesi huzaa kilo 2.25 za maji. Wengi hushtuka kusikia maji yanauzidi uzito wa mafuta yaliyoyazaa, lakini sehemu kubwa ya uzito huo ni oksijeni, nayo imetoka hewani, si kwenye gesi.

Ndani ya tanuri maji hayo ni mvuke, na kila kilo ya mvuke imebeba joto fiche la megajuli 2.44 hivi. Mvuke ukitoka na moshi, joto hilo limetoka nao. Ukigeuka maji kabla ya kutoka, joto hilo linabaki kwako. Kwa kilo moja ya methani ni 2.25 mara 2.44, karibu megajuli 5.5.

Hapo ndipo thamani mbili zinapotokea. Thamani ya juu ya joto ya methani ni megajuli 55.5 kwa kilo, nayo inahesabu kwamba maji yote yamerudi kuwa majimaji. Thamani ya chini ni megajuli 50.0, nayo inahesabu kwamba maji yote yameondoka yakiwa mvuke. Pengo kati yake ni zile 5.5 tulizozipata sasa hivi. Mafuta yenye hidrojeni kidogo yana pengo dogo: kwa dizeli thamani ya juu huipita ya chini kwa asilimia 6 au 7, kwa propani asilimia 8 na kitu, kwa methani 11. Kaboni tupu haina pengo lolote, maana haizai maji.

Kwenye vibao na vitabu vya boila, thamani ya juu huandikwa HHV, GCV au Hs, na ya chini LHV, NCV au Hi. Ukikuta ufanisi uliopita 100 bila alama yoyote, umehesabiwa kwa thamani ya chini. Kuugeuza ni rahisi: kwa methani, zidisha kwa 50.0 kisha gawanya kwa 55.5, yaani zidisha kwa 0.90. Ile 105 inakuwa 95.

Mimi hufanya kazi kwa thamani ya juu peke yake, na ningekusihi ufanye vivyo hivyo. Kwa thamani hiyo hakuna boila inayopita 100, na chochote kinachopungua kufikia 100 ni joto unaloweza kulitafuta lilipokwenda. Thamani ya chini inalifuta joto fiche kwenye hesabu tangu mwanzo, na kitu kilichofutwa hakuna atakayekitafuta.

Hatua ya 2: Pima moshi, ukadirie mvuke utaanza kutona kwa nyuzi ngapi

Mvuke wa moshi hautoni, yaani haugeuki matone ya maji, kwa nyuzi 100. Ndani ya moshi umechanganyika na naitrojeni, kaboni dioksidi na oksijeni iliyobaki, na kadiri ulivyo mwembamba katika mchanganyiko huo ndivyo unavyohitaji ubaridi zaidi ili utone. Joto ambalo utonaji unaanzia tuliite kiwango cha umande.

Methani ikiungua kwa hewa kavu inayotosha barabara, bila ziada, kiwango cha umande ni karibu nyuzi 59. Ukiongeza hewa ya ziada asilimia 20, kinashuka hadi karibu 56. Ukiongeza asilimia 50, kinafika karibu 51. Huhitaji kuijua hewa ya ziada moja kwa moja, kwa sababu kipima moshi kinaonyesha oksijeni: oksijeni ya asilimia 3.8 katika moshi mkavu ni ile ziada ya 20, na oksijeni ya 7.5 ni ile ziada ya 50. Hewa inayoingia ikiwa na unyevu mwingi, kiwango cha umande hupanda nyuzi mbili tatu, nawe usihesabu kama ushindi wako.

Tofauti ya 56 na 51 inaonekana ndogo mpaka uitazame inavyofanya kazi. Tuseme moshi unatoka kwa nyuzi 50. Kwa hewa ya ziada ya asilimia 20, asilimia 28 ya maji yote yametona. Kwa ziada ya asilimia 50, ni asilimia 8 tu. Bana, yaani kichomeo cha gesi, iliyofunguliwa hewa kupita kiasi, au gasketi ya mlango inayovuta hewa pembeni, inaweza kuimaliza karibu faida yote ya boila hii bila kuonyesha dalili yoyote kwenye mwali. Kwa hiyo rekebisha hewa kwanza, ukifuata kiwango alichoandika mtengenezaji na ukiangalia monoksidi ya kaboni isipande, ndipo uhangaike na mengine.

Hatua ya 3: Pima maji ya kurudi, si ya kwenda

Moshi unakutana na maji baridi zaidi mwisho wa kibadilisha joto, pale maji ya kurudi yanapoingia. Hauwezi kupoa kuliko maji hayo. Kwa kawaida hutoka ukiwa nyuzi chache juu yake. Maji ya kurudi yakiwa nyuzi 60, hata boila ghali namna gani haitatonesha kitu. Yakiwa 35, itatonesha, hata kama maji ya kwenda ni nyuzi 70.

Bana kipimajoto kwenye bomba la kurudi, karibu kabisa na boila, baada ya viungio vyote. Sentimita chache zina maana hapa. Ukipima kabla ya kiungio kinachochanganya maji moto, utaandika joto ambalo boila haijawahi kuliona. Kisha pima joto la moshi kwenye dohani mara tu baada ya boila, ukitafuta sehemu ya katikati yenye joto kubwa zaidi.

Hatua ya 4: Usiamini ufanisi ulio kwenye skrini ya kipima moshi kabla ya kujua unatoka wapi

Vipima moshi vingi hukisia hasara kwa kanuni hii ya gesi asilia, ambamo `Tm` ni joto la moshi, `Th` joto la hewa inayoingia, na `O2` asilimia ya oksijeni:

```
hasara = (Tm - Th) x (0.66 / (21 - O2) + 0.009)
```

Weka moshi wa nyuzi 150, hewa ya 25, oksijeni 3.8. Hasara inatoka karibu asilimia 6, kwa hiyo skrini inasema 94. Hiyo ni kwa thamani ya chini, na kwa boila isiyotonesha ni kweli kabisa. Sasa weka moshi wa nyuzi 40. Hasara ni 0.7, skrini inasema 99.3, na mwenye jengo anafurahi. Lakini kanuni hii haijui habari za maji. Haijui ni kiasi gani kimetona, na ukiisoma kana kwamba ni thamani ya juu, umesahau megajuli nyingi za mvuke ambao bado unatoka. Vifaa vingine huongeza makadirio ya utonaji, na kitabu cha kifaa chako kitakwambia. Mimi naitumia kanuni hii kwa joto la moshi peke yake, maji nayaachia ndoo.

Hatua ya 5: Tega ndoo

Chini ya boila ya namna hii kuna mtego wa maji, kisha bomba la plastiki linaloelekea kwenye mtaro. Hakikisha kwanza mtego umejaa maji. Ukiwa mkavu, moshi unaweza kupita humo na kuingia chumbani. Kisha chomoa bomba upande wa mtaro, liache lidondokee kwenye ndoo ya plastiki iliyopimwa uzito, na uandike namba ya mita ya gesi. Acha boila iwake saa nzima kwa mzigo usiobadilika. Vaa glavu. Maji haya ni asidi hafifu, pH yake huwa kati ya 3 na 5, na hula bati na saruji polepole. Kama dohani lako linamwaga maji yake mahali pengine, hayo usiyachanganye humu, maana yametona nje ya boila na joto lake halikuingia kwenye maji yako.

Mita ya ujazo moja ya methani kwa nyuzi 15 na mgandamizo wa kawaida wa hewa ina uzito wa kilo 0.68. Inazaa maji kilo 1.53. Hiyo ndiyo namba ya kubandika ukutani: lita moja na nusu za maji kwa kila mita ya ujazo ya gesi, na ndoo yako inakwambia umezipata ngapi kati ya hizo.

Mfano mmoja, namba kwa namba

Niliitwa kwenye jengo lenye boila mpya ya kilowati 100 hivi iliyokuwa ikipasha tangi la maji ya kuoga kupitia koili. Kibao kiliahidi ufanisi wa 107. Mwenye jengo alisema, kwa uchungu wa haki, kwamba gesi haikupungua kama alivyoambiwa. Ndoo niliyoitega ilikaa saa nzima bila tone.

Vipimo vilikuwa hivi: maji ya kwenda 70, ya kurudi 56, moshi 62, oksijeni 3.8, gesi mita za ujazo 10 kwa saa. Hewa ilikuwa sawa, lakini moshi ulikuwa juu ya kiwango cha umande. Basi swali likawa hili: tangi lina maji baridi chini, kwa nini maji ya kurudi ni nyuzi 56? Nilibana kipimajoto kwenye mdomo wa koili, maji yanapotoka tangini. Yalikuwa nyuzi 36. Kati ya hapo na boila kulikuwa na kitu kinachoyapasha, na hakikuwa mbali. Nyuma ya gamba la kuzuia joto kulikuwa na bomba la mchepuko lililounganisha maji ya kwenda na ya kurudi, vali yake iko wazi. Hesabu ya mchanganyiko ilikubali: ili 70 na 36 zitoe 56, karibu asilimia 59 ya maji ya pampu yalikuwa yakizunguka humo bila kufika tangini.

Mchepuko huo haukuwekwa na mjinga. Uliachwa na boila ya zamani ya chuma cha kusubu, ambayo ilihitaji maji ya kurudi yenye joto ili isitoneshe, kwa kuwa asidi ingeila. Boila ilibadilishwa, mabomba yakabaki. Ulinzi wa ile ya zamani ukawa ndio ugonjwa wa hii mpya, na mara nyingi nikikuta ndoo kavu hapa ndipo ninapoanza kutafuta.

Nilisoma kwanza kitabu cha mtengenezaji kuona boila inahitaji maji kiasi gani ya chini kabisa yanayopita ndani yake, maana kufunga mchepuko ovyo kunaweza kuichemsha. Iliruhusu. Nikafunga vali, nikapunguza mwendo wa pampu mpaka maji ya kwenda yakasimama pale pale kwenye 70. Baada ya dakika ishirini maji ya kurudi yalisoma 36 na moshi 40. Tone la kwanza lilikuwa limekwisha anguka. Saa moja baadaye ndoo ilikuwa na lita 8.6.

Sasa hesabu. Mita za ujazo 10 ni kilo 6.8 za gesi, na maji yote yanayoweza kutoka ni lita 15.3. Lita 8.6 ni asilimia 56. Kwa kila kilo ya gesi zimetona kilo 1.26, zikarudisha megajuli 3.1 kati ya 5.5. Bado megajuli 2.4 za joto fiche zinatoka na mvuke uliobaki. Ongeza megajuli 0.4 kwa moshi na maji yake, ambavyo vina joto lililozidi kidogo lile la chumba. Jumla ya hasara ni 2.8. Toa kwenye 55.5, unabaki na 52.7, yaani asilimia 95 kwa thamani ya juu, au 105 kwa ya chini. Kabla ya hapo, moshi ukiwa 62, hasara ilikuwa 5.5 za mvuke wote na karibu 0.9 za joto la moshi: ufanisi wa asilimia 88.5. Joto lile lile la kuoga sasa linahitaji gesi pungufu kwa karibu asilimia 7. Hesabu hii haikuingiza joto linalopotea kwenye gamba la boila, ambalo kwa boila hii ni dogo.

Nataka uone pia faida inatoka wapi. Kuushusha moshi wa methani kutoka nyuzi 150 hadi 60, nyuzi 90 nzima, kunakupa megajuli 2.2 kwa kilo ya gesi. Kuushusha kutoka 60 hadi 40, nyuzi 20 tu, kunakupa karibu 3.7. Ndiyo maana boila ya namna hii inayofanya kazi kwa moshi wa nyuzi 60 imenunuliwa kwa bei kubwa ili ifanye sehemu ndogo ya kazi.

Ukikuta ndoo ina maji machache

Linganisha na unachotarajia kwa oksijeni ya 3.8: moshi wa nyuzi 50 utoe kama lita 0.4 kwa mita ya ujazo ya gesi, moshi wa 40 utoe kama lita 0.9. Moshi ukiwa juu zaidi ya maji ya kurudi kwa nyuzi 15 au zaidi, kibadilisha joto kimechafuka, upande wa moshi au wa maji. Moshi ukiwa baridi lakini ndoo karibu tupu, angalia oksijeni tena, kisha angalia kama mtego umeziba na maji yanajikusanya ndani ya boila. Hilo la mwisho usilichelewe, kwa sababu maji yakipanda hadi kwenye bana huizima au huiharibu.

Pale ambapo usijaribu

Boila ya chuma cha kawaida au cha kusubu isiyotengenezwa kwa utonaji usiishushie maji ya kurudi ili kupata faida hii. Itatonesha kweli, na baada ya muda itavuja. Zinazofaa zina kibadilisha joto cha chuma cha pua au aloi ya alumini, na dohani lake nalo liwe la kuhimili maji ya asidi, lenye mteremko wa kuyarudisha. Kwa mafuta yenye salfa hali ni kali zaidi, kwa kuwa asidi ya salfa hutona moshi ukiwa bado na nyuzi zaidi ya 100, mapema kuliko maji yenyewe. Na maji ya ndoo, kama boila ni kubwa, yapitishe kwenye chombo chenye kokoto za chokaa kabla ya mtaro, ukizijaza tena zinapoliwa.

Kwenye lile jengo nilirudi siku ya pili nikapima tena, tangi likiwa linaendelea kupata moto. Maji ya kurudi yalipofika 46 ndoo ilipata lita 4 na kitu kwa saa. Yalipopita 56 haikupata kitu, wala isingeweza, kwa sababu tangi la maji ya kuoga lazima lifike nyuzi 60 ili bakteria wasikae humo. Tuliongeza tangi dogo mbele yake, ambalo maji mapya huingia kwanza, na maji ya kurudi ya boila yakapitishwa kwenye koili ya tangi hilo kabla ya kufika kwenye boila. Sasa wakati wowote watu wanapooga kuna maji baridi ya kuupoza moshi, na bomba la plastiki hudondosha hata pale tangi kubwa linapokaribia kujaa joto.